Karatasi ya zahanati inasema siku tatu, mitihani niliyokosa ni miwili

*Shikamoo Mama. Nasoma mwaka wa pili chuoni hapa Mtwara mjini. Jumamosi tarehe 12 Julai 2025 nilikwenda nyumbani Newala, usiku homa ikanipanda. Jumapili mchana zahanati ya kijijini wakanipima, ikaonekana malaria, wakanipa dawa mseto na karatasi iliyoandikwa "apumzike siku tatu". Jumanne nikarudi zahanati kwa sababu nilikuwa natapika. Nimekosa mtihani wa Jumatatu saa 2 asubuhi na wa Jumatano saa 8 mchana, wa Ijumaa nimefanya. Nimwandikieje msajili, na karatasi hii inatosha? Rafiki yangu ananishauri nitafute cheti kizuri zaidi hapa mjini.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Karatasi yako inatosha kwa mtihani mmoja. Kwa ule wa pili bado haitoshi, ila unaweza kuitosheleza kwa njia ya haki, na nafasi unayo kama utaondoka kesho asubuhi na mapema.

Nimefanya kazi ofisi ya mitihani ya chuo kwa miaka mingi. Barua kama yako ikifika mezani, hatuanzi kwa kuisoma. Tunachukua ratiba ya mitihani, tunaweka karatasi ya daktari pembeni yake, tunahesabu siku kwa kidole. Ofisi haiulizi kama uliumwa, maana huku kwetu malaria kila mtu anaijua. Inauliza kama saa ile mtihani unafanyika ulikuwa huwezi kuufanya, na nani mwenye mamlaka anayelithibitisha hilo.

Tuhesabu basi. Umepewa siku tatu Jumapili tarehe 13, kwa hiyo ni tarehe 13, 14 na 15. Mtihani wa Jumatatu tarehe 14 umo ndani. Wa Jumatano tarehe 16 umebaki nje kwa siku moja. Anayekagua ataliona hilo kabla hajafika mstari wa pili wa barua yako, na ukilipita kimya atadhani unamficha. Vijana wengi wamekataliwa ombi lote namna hiyo: mtihani mmoja ulikuwa na haki kamili, wa pili ulikuwa na pengo, wakaandika kana kwamba pengo halipo, wakatiliwa shaka kote.

Kinachokuokoa ni ile safari ya Jumanne. Dawa mseto ya malaria mtu mzima anameza vidonge vinne vinne, mara sita, jumla 24. Ukianza Jumapili mchana, dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni, na ya sita inaangukia Jumanne jioni. Hapo ndipo siku tatu za tabibu zilipotoka. Lakini mgonjwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza, ndani ya nusu saa au saa moja, dozi hiyo inarudiwa, na matibabu yanasogea mbele. Kutapika mfululizo pia ni dalili ambayo mtoa huduma haichukulii kwa wepesi, kwa sababu malaria inaweza kugeuka kali na mgonjwa akahitaji sindano. Kwa hiyo mtu aliyerudi zahanati Jumanne anatapika, Jumatano mchana kuwa hajaweza kukaa saa tatu kwenye chumba cha mtihani ni jambo linaloeleweka. Tatizo ni kwamba hakuna karatasi inayolisema. Karatasi uliyonayo iliandikwa Jumapili, na Jumapili hakuna aliyejua kwamba Jumanne utarudi.

Daftari linajua. Kila zahanati, hata ya kijiji cha ndani kabisa, ina vitabu vya MTUHA, yaani vya mfumo wa taarifa za huduma za afya, na Kitabu Namba 5 ndicho rejesta ya wagonjwa wa nje. Ulipofika Jumapili jina lako liliandikwa humo, pamoja na umri, unakoishi, kipimo na ugonjwa. Ulipofika Jumanne liliandikwa tena, kama marudio. Mistari hiyo miwili ndiyo ushahidi wako hasa. Karatasi ya mkononi ni kivuli chake tu.

Kwa hiyo rudi Newala. Mwone mganga mfawidhi wa zahanati, au tabibu aliyekuhudumia, umweleze umekosa mitihani miwili na chuo kinahitaji barua ya uthibitisho. Mwombe afungue rejesta aandike mambo haya: jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha chuo, tarehe mbili ulizohudhuria na namba yako kwenye rejesta kwa kila tarehe, kwamba ulipimwa na ukatibiwa, na kuanzia tarehe ipi hadi ipi, kwa maoni yake ya kitaalamu, hali yako haikukuruhusu kufanya mtihani. Aandike tarehe zenyewe, "kuanzia 13 hadi 16 Julai 2025". Maneno "siku tatu" peke yake humwachia msomaji kukisia siku ya kuanza kuhesabu. Kisha jina lake, cheo chake, sahihi, mhuri wa zahanati na namba ya simu ya kituo. Mhuri usomeke. Nimeona karatasi nyingi zenye doa la wino wa bluu ambalo hata jina la kijiji halionekani. Mwombe kwa upole apige tena pembeni.

Hapa nisikilize vizuri. Barua hiyo iandikwe tarehe ya siku inapoandikwa. Ukienda Jumatatu tarehe 21, basi juu iwe tarehe 21, na ndani iseme "kwa mujibu wa rejesta, alihudhuria tarehe 13 na tarehe 15". Hivyo ni halali na inaheshimika. Mtu mwenye huruma anaweza kukwambia, "Ngoja nikurudishie tarehe, niandike ya Jumanne." Mshukuru, ukatae. Karatasi yenye tarehe ya nyuma ni kughushi, hata kama ugonjwa ulikuwa wa kweli, na inawaingiza matatani wewe na yeye.

Vilevile tabibu anaweza kukwambia kwamba, kwa anavyokumbuka, Jumanne ulikuwa na nafuu na hawezi kuthibitisha Jumatano. Hiyo ni haki yake na usimbane. Chukua barua inayosema ulihudhuria siku zote mbili, halafu kwenye ombi lako eleza mwenyewe hali ya Jumatano, ukijua kwamba mtihani huo unaweza kukataliwa na wa Jumatatu ukakubaliwa. Ndiyo sababu nitakuonyesha namna ya kuandika mitihani miwili ikae mbalimbali ndani ya barua moja, ili mmoja usimzamishe mwenzake.

Sasa huyo rafiki yako. Najua anakutakia mema. Nimemkumbuka kijana mmoja wa zamani, sitataja chuo. Aliumwa kweli kabisa, alilala kituo cha afya usiku mmoja. Karatasi aliyopewa ilikuwa kipande kilichochanwa kwenye daftari, kimekunjamana, akaona aibu kukipeleka. Akanunua mjini cheti safi chenye mhuri wa kituo kingine. Ofisi ikapiga simu kwenye kituo hicho, rejesta ikafunguliwa, jina halikuwemo. Alipoleta ile karatasi ya kweli hakuna aliyeitazama tena, kwa sababu suala lilikuwa limeshatoka kwenye mtihani na kuingia kwenye nidhamu. Akafukuzwa chuo. Mama yake alikuja ofisini kwetu na kanga mabegani, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Mpaka leo ninapoona cheti kilichochapwa vizuri kupita kiasi namkumbuka yule mama. Kughushi hati na kuiwasilisha ukijua ni ya uongo ni makosa ya jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa hiyo adhabu ya chuo inaweza kuwa mwanzo tu. Karatasi yako ya kijijini, hata iwe na alama za jasho, ina rejesta nyuma yake.

Kama chuo chenu kina zahanati au mganga wa chuo, mpitie kabla ya kupeleka barua. Vyuo vingi vinataka karatasi ya nje ithibitishwe na mganga wao, hasa ikitoka mbali na mji. Atakuuliza maswali mawili matatu, ataandika chini ya nakala kwamba ameiona na ameridhika, atagonga mhuri. Hatua hiyo ya dakika kumi huwaokolea watu wa ofisi ya mitihani simu ya kwenda Newala, na nakuhakikishia kwamba barua isiyohitaji kupigiwa simu huenda haraka.

Kuhusu siri: msajili anahitaji kujua kwamba ulikuwa huwezi, na kwa siku zipi. Malaria haina aibu, iandike tu. Ila nawaambia na wengine wanaosoma hapa, ambao ugonjwa wao ni wa faragha: mnaweza kumwomba daktari aandike kwamba mgonjwa alikuwa chini ya matibabu na hakuwa katika hali ya kufanya mtihani, bila kutaja ugonjwa, na maelezo kamili ayaweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa ajili ya mganga wa chuo. Taarifa za afya zimo katika taarifa nyeti kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Karani wa masjala hana haja ya kuzisoma.

Barua yenyewe iwe fupi. Usimweleze msajili namna homa ilivyokupanda usiku wala namna mama alivyokulilia. Mpe tarehe, somo, saa, na ushahidi wa kila kimoja. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

> Jina kamili, namba ya usajili
> Mwaka wa pili, jina la programu
> Simu
>
> 22 Julai 2025
>
> Msajili,
> (jina la chuo),
> S.L.P. …, Mtwara.
>
> Kupitia: Mkuu wa Idara ya …
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA KUFANYA MITIHANI MAALUMU MIWILI NILIYOIKOSA KWA UGONJWA
>
> Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.
>
> Sikuweza kufanya mtihani wa (jina na namba ya somo) uliofanyika Jumatatu tarehe 14 Julai 2025 saa 2:00 asubuhi. Tarehe 13 Julai nilipimwa na kutibiwa malaria katika zahanati ya …, wilaya ya Newala, na nikapewa mapumziko ya siku tatu (Kiambatisho A).
>
> Sikuweza pia kufanya mtihani wa (jina na namba ya somo) uliofanyika Jumatano tarehe 16 Julai 2025 saa 8:00 mchana. Siku hiyo haimo katika mapumziko ya awali. Nilirudi katika zahanati hiyohiyo tarehe 15 Julai kwa sababu ya kutapika nikiwa bado kwenye dozi, na barua ya mganga mfawidhi inaeleza hali yangu hadi tarehe 16 (Kiambatisho B).
>
> Nilimjulisha kiongozi wa darasa kwa ujumbe wa simu kabla ya mtihani wa kwanza (Kiambatisho C). Mtihani wa Ijumaa tarehe 18 Julai niliufanya.
>
> Naomba kuruhusiwa kufanya mitihani hii miwili kama mitihani maalumu katika kipindi kitakachopangwa na chuo.
>
> Wako mtiifu,
>
> (sahihi na jina)

Hukuniambia kama ulimjulisha mtu. Kama ulituma ujumbe, hata kwa mwenzako wa chumbani, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, uichape, iwe Kiambatisho C. Kama hukutuma, futa sentensi hiyo. Usitunge.

Umeona sentensi moja fupi, "Siku hiyo haimo katika mapumziko ya awali"? Hiyo ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote katika barua hii. Umemwonyesha mkaguzi pengo kabla hajaligundua, na hapohapo umempa cha kulizibia. Mtu anayeonyesha udhaifu wa ombi lake mwenyewe huaminiwa katika yaliyobaki. Na ule mtihani wa Ijumaa nimeutaja kwa makusudi, kwa sababu watauona kwenye orodha ya mahudhurio na watajiuliza. Mtihani huo unaendana na ugonjwa uliokwisha tarehe 16: ukapumzika tarehe 17, ukafanya tarehe 18.

Ombi liseme "mtihani maalumu", usiandike "sapu" wala "marudio". Wanafunzi wanayachanganya kwa sababu mara nyingi hufanyika wiki moja, chumba kimoja, hata karatasi ya maswali ni ileile. Lakini kwenye vyuo vyetu vingi mtihani maalumu unahesabiwa kuwa ndiyo mara yako ya kwanza kufanya somo hilo. Alama zako za kazi za muhula zinabaki, na daraja unalopata ndilo linaloandikwa. Sapu ni ya aliyefanya akafeli, na hata akifaulu vizuri kiasi gani, daraja huishia C. Tuseme una alama 28 kati ya 40 za kazi za muhula, na kwenye mtihani maalumu ukapata 37 kati ya 60. Jumla ni 65, na chuo kinachoanzia B+ kwenye 60 kitakuandikia B+. Ukiingizwa kwenye sapu kwa makosa ya karatasi, kazi hiyohiyo itasomeka C, na C hiyo itakufuata kwenye wastani mpaka siku ya mahafali. Tena asiyewasilisha ombi kabisa hahesabiwi kuwa mgonjwa. Anahesabiwa ametoroka mtihani, na kwenye baadhi ya vyuo hilo peke yake linatosha kukudiskoisha.

Muda wa kuwasilisha uko kwenye kitabu cha taratibu za mitihani mlichopewa mwaka wa kwanza. Kifungue leo, kwa sababu unatofautiana chuo kwa chuo, na kwingine huhesabiwa siku chache tu tangu tarehe ya mtihani. Ukiona siku zinakaribia kuisha kabla hujarudi kutoka Newala, peleka barua mara moja ukiwa na Kiambatisho A pekee, ukiandika kwamba B italetwa tarehe fulani. Ombi lililofika ndani ya muda likiwa pungufu hujazwa. Lililochelewa likiwa kamili hurudishwa.

Anza kwa mkuu wa idara aandike maoni yake, kisha peleka masjala. Nenda na nakala mbili. Karatasi halisi za zahanati waonyeshe, waache nakala, halisi urudi nazo mwenyewe. Nakala yako ya pili wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hapo usiondoke mpaka uuone mhuri, hata kama foleni ni ndefu na karani amechoka. Barua hupotea kati ya ofisi na ofisi bila mtu kuwa na nia mbaya, na bila mhuri huo huna la kusema mwezi wa Septemba.

Kisha fuatilia kabla vikao vya kupitisha matokeo havijakaa, kwa sababu matokeo yakishapitishwa kubadilisha kitu kunahitaji kikao kingine. Matokeo yakitoka, angalia masomo hayo mawili. Kwenye mifumo mingi ukiona I, maana yake somo halijakamilika na ombi lako limeingia. Ukiona F, au alama za kazi za muhula zikiwa peke yake zimejumlishwa kama ndizo zote, ombi halikufika kwa aliyeingiza alama. Nenda siku hiyohiyo na nakala yako yenye mhuri. Na usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba "umekubaliwa". Omba jibu la maandishi linalotaja masomo yote mawili kwa namba zake, kwa sababu nimeona jibu likitaja somo moja na mwanafunzi akagundua mlangoni mwa chumba cha mtihani. Siku ya mtihani maalumu ingia na barua hiyo pamoja na kitambulisho, maana msimamizi anayo orodha ya wenye sapu, na majina ya wenye mtihani maalumu wakati mwingine yako kwenye karatasi nyingine iliyosahaulika ofisini.